MSHAHARA UNASOMA TAREHE 2, MKOPO UNAKATWA TAREHE 25: Dada wa Tabata alivyozipanga upya tarehe zake

Haya wadau, leo stori ya pesa, na inawahusu wengi japo hakuna anayependa kuisema mbele za watu.

Kuna dada mmoja anafanya kazi mapokezi kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, maeneo ya Tabata. Mpole, anajipenda, saa moja na nusu asubuhi ameshafika kazini. Ukimwona huwezi kudhani kwamba Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tisa alikaa kwenye ngazi za ofisi analia, simu yake mkononi imejifunga, haifanyi chochote zaidi ya kumwambia alipie.

Mshahara wake wa mkononi ni 742,000, baada ya NSSF, kodi na Bodi ya Mikopo. Huo wa Bodi tuuweke pembeni kabisa, maana mwajiri anaukata kabla mshahara haujatoka, kwa hiyo hauna habari ya kuchelewa. Shida ni ile minne anayoilipa mwenyewe. Ana mkopo wa benki wa 3,400,000 wa miezi 24, rejesho lake karibu 170,000 kwa mwezi. Ana mkopo wa kwenye simu wa 100,000, ambao na ada yake anarudisha 109,000. Hiyo simu yenyewe ameikopa dukani, analipa 15,000 kila Ijumaa. Halafu ana kikoba cha mtaani kwao, Jumapili ya kwanza ya mwezi, 60,000 hisa na rejesho pamoja.

Sasa angalia mwezi huo ulivyokwenda. Tarehe 25 benki ikaja kukata 170,000, akaunti ina elfu thelathini na kitu. Haikukata, ikaandika faini 10,000. Ijumaa simu ikajifunga, akakopa 15,000 kwa mwenzake wa stoo ili ifunguke. Tarehe 29 mkopo wa simu ukaiva, salio sifuri, ikaongezwa adhabu ya 10,000. Tarehe 2 mwezi wa kumi mshahara ukasoma. Benki ikachukua chake na faini yake. Dada akatoa 75,000 benki akaituma kwenye simu yake, lengo 60,000 iende kikoba na 15,000 ni ya simu Ijumaa. Pesa ilivyotua tu, mkopo wa simu ukaimeza yote. Jumapili akafika kikoba mikono mitupu, faini 5,000.

Jumla 25,000 imeondoka hivi hivi. Na hapo ndipo penye utamu wa stori hii, kwa sababu dada hakuwa na upungufu wa hela mwezi ule. Ukijumlisha alichodaiwa chote, mshahara ulikuwa unatosha na chenji inabaki. Hela ilikuja, ila ilikuja baada ya wenye madai kugonga mlango.

Aliyemsaidia ni kaka mmoja mhasibu wa pale pale ofisini. Siyo mtu wa maneno mengi. Alimuuliza swali moja:

"Dada, mshahara wako unaingia tarehe ngapi?"

"Tarehe 28."

"Hiyo ni ya kwenye mkataba. Mimi nakuuliza meseji ya benki inaingia lini."

Dada hakujua. Na wewe unayesoma hapa, kama hujawahi kukaa ukaangalia, inawezekana hujui pia. Kaka akamwambia arudi nyuma kwenye meseji za benki miezi 12, aandike kila tarehe mshahara uliposoma. Alizoandika, ukiacha wa Desemba ambao bosi hulipa mapema kwa ajili ya sikukuu, zilianzia tarehe 26 hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Zipo sababu zake. Tarehe 28 ni siku ambayo bosi anasaini. Ikiangukia Jumamosi, mambo yanasogea. Wateja wa kampuni wakichelewa kulipa, bosi naye anavuta siku. Halafu kampuni inatumia benki moja na yeye dada yuko benki nyingine, kwa hiyo pesa ikitumwa jioni unaiona siku ya kazi inayofuata.

Kaka akapiga mstari chini ya ile tarehe 3, akaongeza siku mbili, akaandika 5. "Madai yako yote yasikufikie kabla ya hii," akamwambia. Hakuchukua ile ya mkataba, wala hakupiga wastani. Alichukua ile mbaya kuliko zote, kwa sababu faini inakukuta kwenye mwezi mbaya, haikukuti kwenye mwezi wa wastani.

Kuna kitu kingine dada alikuwa hajawahi kukiwaza. Mkopo unaokatwa tarehe 25, wakati mshahara haujawahi kusoma kabla ya tarehe 26, maana yake unaulipa kwa mshahara wa mwezi uliopita. Yaani ile 170,000 inatakiwa ikae kwenye akaunti wiki tatu au nne bila kuguswa, huku mtoto anaumwa, luku imekata na harusi ya binamu inataka mchango. Kwa miezi 8 ya mkopo huo, benki ilikuwa imegonga mwamba mara 5. Hiyo ni 50,000. Na ile 25 haikuchaguliwa na mtu yeyote! Mkopo ulitoka tarehe 25, basi marejesho yakafuata tarehe hiyo hiyo kila mwezi. Wakati wa kusaini hakuuliza, na afisa mikopo hakumwambia kwamba anaweza kuomba nyingine.

Akaanza na benki, maana ndiyo kubwa. Tarehe 8 mwezi wa kumi akaenda na barua fupi ya kuomba tarehe ya rejesho ihamishwe kutoka 25 kwenda 5, akaambatanisha hati za mshahara za miezi mitatu na zile tarehe zake alizoandika. Alienda mapema makusudi. Ukienda tarehe 23 kuomba makato ya tarehe 25 yahamishwe, unajisumbua, kwa sababu ombi linapita mikononi mwa watu na linataka siku za kazi.

Afisa mikopo akamwambia inawezekana, ila kuna gharama yake. Rejesho la tarehe 25 Oktoba likihamia tarehe 5 Novemba, hizo ni siku 11 ambazo deni limekaa zaidi, na riba inahesabiwa kwa siku. Deni lililobaki lilikuwa kama 2,400,000, riba asilimia 18 kwa mwaka. Hiyo ni 432,000 kwa mwaka mzima, ukigawa kwa siku 365 unapata kama 1,184 kwa siku. Mara siku 11, inakuja 13,000 na ushee. Inalipwa mara moja tu. Dada alitaka kughairi, akaona anaibiwa. Ila 13,000 ya mara moja na 10,000 inayojirudia karibu kila mwezi, hapo hata mtoto wa darasa la nne anakupa jibu. Hesabu ingekuwa tofauti kama angekuwa amebakiza marejesho mawili matatu tu, hapo pengine angevumilia amalize.

Akasaini. Akapewa ratiba mpya ya marejesho, ina mhuri, tarehe 5 kila mwezi. Akarudi nyumbani anaimba.

Tarehe 25 Oktoba asubuhi, meseji ya benki: makato yameshindikana, faini 10,000.

Wadau, hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mkopo una ratiba yake, na yale makato yanayojiendesha kwenye akaunti ni agizo lingine kabisa, wanaliita agizo la kudumu. Kitengo cha mikopo kilibadilisha ratiba, lakini agizo la zamani hakuna aliyelifuta, likaamka tarehe yake kama kawaida likakuta akaunti tupu. Uzuri alikuwa na ile ratiba yenye mhuri. Alirudi nayo, wakamrudishia 10,000 yake baada ya siku kadhaa, na safari hii hakuondoka kwenye kiti mpaka akaonyeshwa kwenye kompyuta kwamba agizo la 25 limefutwa na la tarehe 5 lipo. Kwa hiyo ukienda kuhamisha, uliza vitu viwili: ratiba mpya iko wapi, na agizo la zamani limefutwa? Jibu la kwanza halijibu la pili.

Mkopo wa simu nao una saa yake ya ajabu. Watu wanasema ni mkopo wa mwezi, siyo kweli, ni wa siku 30. Dada aliuchukua mara ya kwanza tarehe 3 Machi, siku ambayo kwake ni salama, mshahara umeshasoma. Ukaiva tarehe 2 Aprili. Akalipa, akakopa tena siku hiyo hiyo kama tunavyofanya wengi. Ukaiva tarehe 2 Mei, halafu 1 Juni, halafu 1 Julai, halafu 31 Julai, halafu 30 Agosti, halafu 29 Septemba. Umeona ulivyokuwa unatembea kinyumenyume? Kila mwezi wenye siku 31 unamla siku moja. Alianza siku ya salama, ndani ya miezi saba akajikuta upande wa pili wa mshahara, na hakuna siku aliyohisi kitu kimebadilika.

Huo huwezi kwenda kuombea barua, hakuna wa kuongea naye. Kinachowezekana ni wewe kuusogeza kwa kusubiri. Ukishalipa, usikope siku hiyo. Kaka mhasibu alimwambia kama ni lazima akope tena, basi asubiri mpaka tarehe 7 Oktoba, utaiva tarehe 6 Novemba. Dada alisubiri kweli, na kwenye kusubiri ikaonekana siku zinakwenda. Alikopa 50,000 tu badala ya 100,000. Ule ulimaliziwa Novemba na haukurudiwa.

Na lile la kumezwa pesa, ujue mkopo wa simu ukishapitiliza tarehe, hauchagui. Pesa yoyote itakayoingia kwenye laini hiyo ni yake, iwe ya kikoba, iwe mama katuma kutoka kijijini. Kama unadaiwa na siku imepita, na una malipo ya mtu mwingine, yalipe moja kwa moja kutoka benki kwenda kwa huyo mtu. Usiyapitishe kwenye laini yako. Deni la simu utalilipa, lakini utalilipa wewe kwa zamu unayoijua.

Simu ya dukani ilikuwa rahisi kuliko zote, japo kila mtu alidhani ndiyo ngumu. Ijumaa haihamishwi. Ila dada aliuliza: nikilipa wiki nne kwa mpigo, siku zinajipanga mbele au hela inakaa tu? Akaambiwa zinajipanga. Kwa hiyo mshahara ukisoma analipa 60,000, na mwezi wenye Ijumaa tano analipa 75,000. Kosa la kwanza alilofanya ni kusahau hiyo ya tano. Siku hizi akishalipa anafungua kwenye simu anaangalia imeandikwa imelipiwa hadi tarehe gani, ndiyo anaamini. Maduka hayafanani lakini, kuna mengine ukilipa zaidi siku hazisogei. Uliza kabla hujatuma.

Kikoba sasa. Jumapili ya kwanza inaweza kuangukia tarehe 1, inaweza kuangukia tarehe 7. Ikiwa tarehe 1 au 2, dada hana kitu. Alienda kwa mwenyekiti, mama mmoja mwenye genge la mbogamboga, mtu mzima anayeheshimika mtaa mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeleta ile faini?"

Akalipa faini kwanza, ndiyo akaeleza shida yake. Aliomba kikao kihamie Jumapili ya pili. Mama akacheka.

"Mwanangu, humu ndani tuko 22, wenye mshahara ni wanne. Sisi wengine hela tunaishika kila siku. Nikisogeza kwa ajili yenu, wenye marejesho wiki ile watalia wao."

Na alikuwa na haki. Siyo kila tarehe itakufuata wewe. Ila mama akafungua katiba yao ya kikoba, daftari limechakaa hilo, akamwonyesha kwamba faini ni ya kuchelewa, hakuna mahali panakataza kuwahi. "Nitumie mweka hazina hata katikati ya mwezi, aandike, siku ya kikao isomwe." Basi ndivyo anavyofanya. Mshahara wa mwisho wa Oktoba ukatoa 60,000 ya kikao cha Novemba na nyingine 60,000 ya Desemba. Mwezi huo mmoja aliumia kweli kweli, alikula dagaa mpaka watoto wa jirani wakamtania. Baada ya hapo anakuwa mwezi mmoja mbele siku zote.

Msije mkadhani hii inapunguza deni. Haipunguzi hata shilingi, na kwa benki kaongeza zile 13,000. Kama unachodaiwa kwa mwezi ni 800,000 na unapokea 742,000, panga tarehe unavyotaka, bado utazama, wewe kakae na afisa mikopo muongee kurefusha muda wa mkopo. Hii ni ya yule ambaye hela inatosha ila inachelewa kufika.

Halafu kuhamisha tarehe kunaleta kishawishi chake. Mshahara ukisoma tarehe 27 na benki inakata tarehe 5, una siku tisa unaiona 170,000 kwenye salio inakuchekea. Zamani tatizo lilikuwa hela haipo, sasa tatizo ipo na inaonekana. Dada alichofanya, siku mshahara unaposoma anatoa kila kitu kingine, anaacha kwenye akaunti 175,000. Hiyo 5,000 ya juu siyo mapambo. Benki inakata ada yake ya mwezi na ada ya meseji, na agizo la kudumu la benki yake linataka rejesho zima. Ukiacha 170,000 kamili, ada ya 2,000 ikapita kwanza, umepungukiwa 2,000 tu na unapigwa faini ya 10,000. Ilimtokea mwenzake wa stoo, yule yule aliyemkopesha 15,000.

Novemba tarehe 5 ikapita salama. Desemba tarehe 5 ikapita salama. Shughuli ikawa Desemba yenyewe. Bosi akalipa mshahara tarehe 20, ofisi nzima vigelegele. Kaka mhasibu akapita pale mapokezi, akasema tu, "Dada, kumbuka huo ndio wa tarehe 5 Januari. Mwingine mpaka mwisho wa Januari." Siku 16, katikati yake kuna Krismasi, Mwaka Mpya, na ada za shule za wadogo zake. Akaenda benki kuomba wakate mapema, akaambiwa anaweza kuiweka lakini itakaa tu kwenye akaunti mpaka siku yake ifike.

Akaiacha 175,000 mle ndani. Kadi ya benki akampelekea mama yake Mbagala, akamwambia asimpe mpaka sikukuu ziishe, hata akija analia. Tarehe 29 alikuja kweli, siyo analia ila na maneno mengi, kuna kitenge alikuwa amekiona Kariakoo. Mama akamkaribisha pilau, kadi hakutoa.

Tarehe 5 Januari, saa nane na dakika chache usiku, simu ikaita mlio wa meseji. Rejesho limekatwa. Salio 2,600.